Karatasi ya mapigo ya mtoto imetoka "tambarare", wiki ya 37. Wanaojua kusoma hivi vitu naomba msaada

DerevaWaKimara · Ijumaa, saa 1:40 usiku

Wakuu habari za jioni. Mke wangu ana mimba ya wiki 37, ni ya pili. Presha ilianza kupanda kidogo mwezi uliopita, anatumia dawa. Tangu jana mchana anasema mtoto anacheza kwa uvivu, siyo kama kawaida yake. Leo nikampeleka hospitali moja ya binafsi huku kwetu, wakamfunga mikanda miwili tumboni, mashine ikatoa karatasi ndefu. Nesi akaitazama akasema mstari ni tambarare, mtoto "hajajibu", lakini mapigo yapo, 138, turudi Jumatatu.

Hapo ndipo sielewi. Kama hajajibu, kwa nini Jumatatu? Na kama yuko sawa, kwa nini waseme hajajibu?

Karatasi ninayo. Nimeipima kwa rula ya mtoto wa shule, ina sentimita 36. Alikaa kitandani kama nusu saa. Katikati kuna sehemu mstari umekatika ghafla, ukatokea chini kwenye 88, ukaenda hivyohivyo kama sentimita nne, halafu ukaruka tena juu kwenye 138. Picha nimeweka hapo chini, samahani kwa mwanga.

Mzee_wa_Feri · saa 1:52

138 ni wa kiume huyo. Wa kike huanzia 140 kwenda juu. Hongera mapema.

ShangaziTabata · saa 1:58

Pole baba. Mtoto alikuwa amelala tu. Mke wako alikula kabla ya kwenda? Mpe soda ya baridi sana au juisi ya miwa, alale ubavu, utaona anavyoruka. Wangu wote watatu nilikuwa nafanya hivyo. Na mapigo ya kawaida ni 120 mpaka 160, kwa hiyo 138 yuko katikati kabisa, msitiane presha bure.

Juma_Spea · saa 2:03

Mimi wife wangu aliandikiwa kipimo hikihiki, NST, yaani "non-stress test", nikamuuliza daktari, mke wangu hana stresi yoyote, sasa mnapima nini? Akacheka. Mpaka leo hajanieleza.

MkungaWaUsiku · saa 2:21

Mleta uzi, kabla ya mengine yote: usisubiri Jumatatu. Mama mwenye presha, wiki 37, mtoto amepunguza kucheza tangu jana, anahitaji kipimo kilichokamilika leo hii. Anza kujiandaa, mengine utasoma ukiwa njiani.

Nasema kilichokamilika kwa sababu chenu hakikukamilika. Nimekuza picha yako. Pembeni mwa karatasi kuna maandishi madogo: 3 cm/min. Maana yake karatasi inatoka sentimita tatu kila dakika. Chukua 36 gawanya kwa 3, unapata dakika 12. Uhakikishe hivi: juu kuna saa zimechapwa, ya kwanza 16:05 na inayofuata 16:15. Pima kwa rula yako kutoka moja hadi nyingine. Ukikuta sentimita 30, basi nimesoma sawa. Hiyo nusu saa mnayoikumbuka ni pamoja na kufunga mikanda na kutafuta mapigo. Mashine yenyewe imeandika dakika 12 tu.

Dakika 12 hazitoshi kusema kwamba mtoto hajajibu. Tumboni anapokezana kulala na kuamka, na usingizi wake mmoja huchukua dakika 20 hadi 40. Akiwa usingizini mstari unatulia, hakuna vilima. Kwa hiyo tunaandika dakika 20, na vilima visipoonekana tunaendelea mpaka 40. Kilichowapata ninyi ni kama mtu kugonga mlango mara moja akaondoka akisema mwenyeji hayupo.

DerevaWaKimara · saa 2:29

Nimepima. Sentimita 30 kamili kutoka 16:05 hadi 16:15. Dah.

Mke anavaa. Tunaelekea hospitali ya rufaa, siyo ile ya leo. Hicho kilima kinatakiwa kiweje?

MkungaWaUsiku · saa 2:41

Mapigo yapande angalau 15 juu ya pale yalipokuwa yametulia, na toka yanapoanza kupanda mpaka yanaporudi zipite angalau sekunde 15. Yaani kama yalikuwa 138, yafike 153 au zaidi. Tunataka viwili vya namna hiyo ndani ya dakika 20. Kwa mimba isiyofika wiki 32 tunaridhika na 10 kwa 10, maana mishipa ya fahamu haijakomaa, lakini mkeo ameshapita huko.

Sasa angalia kwenye karatasi yako. Sekunde 15 kwa kasi ya 3 ni upana wa milimita saba na nusu. Kwa kasi ya 1 ni milimita mbili na nusu tu. Kilima kilekile, mtoto yuleyule, kwenye karatasi moja kinaonekana kama mwiba na kwenye nyingine kama mgongo wa ng'ombe. Mtu aliyezoea kasi ya 1 akiletewa karatasi ya 3 huona kila kitu kimelala, anasema tambarare. Na aliyezoea 3 akiona ya 1 anadhani mtoto anahangaika. Nimeona watu wazima wakibishana juu ya karatasi mbili za mama mmoja kwa sababu hakuna aliyesoma pembeni.

Kwenye yako vilima kweli sioni. Lakini ukiangalia mstari wenyewe una meno madogo, unapanda na kushuka kama mapigo 8 hivi. Hayo meno tunayapenda. Mstari laini kama umechorwa kwa rula, usio na meno kabisa kwa muda mrefu, ndio unaotutoa jasho.

Shangazi, 120 ilikuwa zamani. Siku hizi tunahesabu 110 mpaka 160. Na Mzee wa Feri, mtoto wa kiume na wa kike mapigo yao hayatofautiani kiasi cha kukisia. Ningekuwa nalipwa kila nikisikia hiyo, ningekuwa na nyumba Mbweni.

Mzee_wa_Feri · saa 2:46

Mimi nimebashiri saba, nimepata sita.

Mama_Pacha_Ukonga · saa 2:50

Mimi walinifunga hiyo mashine nikiwa na uchungu kabisa, kila tumbo likibana mapigo yanashuka mpaka 90, mwisho wakanikimbiza kupasuliwa. Mtoto mmoja alikuwa amejizungushia kitovu shingoni. Baba, wakisema yameshuka kubali upasuaji mapema, usisubiri.

MkungaWaUsiku · saa 2:58

Pole mama, na nafurahi mlitoka salama. Lakini hiyo ni habari nyingine. Kwenye uchungu mtoto anabanwa kila dakika chache na tunatazama anavyovumilia. Huyu wa mleta uzi hajaanza uchungu, anatazamwa akiwa amestarehe. Hapo ndipo lilipotoka hilo jina lililomshangaza Juma_Spea: kabla yake kulikuwa na kipimo ambacho mama anatundikiwa dripu ya kuleta mibano kwa makusudi, mtoto anatiwa kwenye shuruti waone atafanyaje. Hiki kikaitwa kisicho na shuruti. Stresi ya mama haimo.

FundiVipimo · saa 3:05

Mimi natengeneza hizi mashine. Kasi ya karatasi ni mpangilio tu, unabadilishwa kwenye menyu. Mashine ikija imepangwa 3 na hakuna aliyegusa, itabaki 3 hadi ife. Mkunga yuko sahihi kuhusu hilo.

Ila hiyo sehemu ya 88 msiogope. Probu, kile kifaa cha chini ya mkanda, inaelekezwa kwa mtoto, inasoma moyo wa mtoto. Hapo karatasi imeruka tu, au jeli imekauka.

MkungaWaUsiku · saa 3:14

Fundi, hapo nakupinga. Jeli ikikauka unapata mstari uliokatika au vinukta vilivyotawanyika, hupati mstari safi uliotulia kwenye 88 kwa zaidi ya dakika moja. Ile probu inapeleka sauti na kupokea mwangwi wa chochote kinachotembea mbele yake. Haijui huu ni moyo wa nani. Mtoto akigeuka, ikaangukia mshipa mkubwa wa mama, itaandika mama bila aibu.

Mleta uzi, kuna mtu alimpima mkeo presha muda huohuo? Ile mashine ya presha huonyesha na mapigo ya mama.

DerevaWaKimara · saa 3:20

Ndiyo, imeandikwa kwenye kadi: 142/91, mapigo 91. Tuko Ubungo kwenye foleni, naandika mimi, anaendesha shemeji.

MkungaWaUsiku · saa 3:27

Basi 88 inafanana sana na mama. Dalili nyingine ni kwamba mstari umeruka, haukuteremka. Moyo wa mtoto unaposhuka kweli, mara nyingi unaona mteremko, hata kama ni mkali, na unaona ukipanda kurudi. Wenu umekatika juu, umetokea chini, umekatika chini, umetokea juu.

Lakini nisikudanganye. Kwa picha ya simu siwezi kuapa. Sentimita nne kwa kasi ya 3 ni dakika moja na sekunde ishirini, na mtoto naye anaweza kushuka hadi 88 kwa muda huo. Hiyo peke yake inatosha kurudia usiku huu. Aliyekuwepo angeshika kifundo cha mkono wa mama, ahesabu mapigo huku anasikiliza mashine. Yakienda pamoja, ni mama. Yakiachana, ni mtoto. Kazi ya nusu dakika, na baadaye hakuna mtu anayeweza kuifanya kwa niaba yako.

FundiVipimo · saa 3:33

Sawa, nakubali kwa mstari safi. Na niongeze kitu kibaya zaidi, kwa sababu hili nimewahi kuliona benchi: mashine nyingine zikipata mapigo ya taratibu huhesabu kila pigo mara mbili. Mama mwenye 70 anaandikwa 140. Karatasi inapendeza kabisa kumbe mtoto hayumo. Kwa hiyo hata namba nzuri ishikieni mkono wa mama.

MkungaWaUsiku · saa 3:36

Hapo umesema kweli fundi, na ndiyo maana tunaanza kwa kusikiliza kwa kile kitarumbeta cha mkunga kabla hatujawasha chochote. Kile unasikia moyo wenyewe, siyo hesabu.

ShangaziTabata · saa 3:40

Na soda je? Mbona mmeipita?

MkungaWaUsiku · saa 3:52

Sijaipita Shangazi. Watu wamelijaribu hilo kwa utaratibu: kundi moja la akina mama wakapewa sukari kabla ya kipimo, kundi jingine hawakupewa. Vipimo visivyojibu havikupungua. Kilichomwamsha mwanao ni kwamba muda wake wa usingizi uliisha wakati unamalizia chupa. Hata kumtikisa tumboni kwa mkono hakusaidii. Kinachomwamsha ni kifaa maalumu cha mlio na mtetemo kinachowekwa tumboni kwa sekunde chache, pale kilipo. Pasipo nacho, tunasubiri.

Mama akiwa na njaa ale, hakuna ubaya. Ninachokataa ni mtu kukaa nyumbani anakunywa soda ya tatu huku mtoto hachezi.

Kwenye ubavu uko sahihi kabisa. Mleta uzi, alilazwaje?

DerevaWaKimara · saa 3:55

Chali. Alilalamika kizunguzungu, wakamwambia asitingishike karatasi isiharibike. Tumefika, wanamwita.

MkungaWaUsiku · saa 3:58

Akatae chali. Mfuko wa uzazi wenye mtoto wa wiki 37 unaukandamiza mshipa unaorudisha damu kwenye moyo. Presha ya mama inashuka, kondo la nyuma linapata damu kidogo, na mapigo ya mtoto yanaweza kushuka kwa sababu ya kitanda tu. Awe nusu ameketi, ameegemea kushoto, hata kanga iliyokunjwa chini ya nyonga ya kulia inatosha.

Na dawa zake zote mwambieni daktari. Kama alichomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto siku mbili tatu hizi, au yuko kwenye dripu ya magnesia, mstari unaweza kutulia kwa ajili ya dawa.

Juma_Spea · saa 4:30

Si bora tununue vile vidude vya kusikilizia nyumbani? Viko Kariakoo.

MkungaWaUsiku · saa 4:44

Kitakuambia moyo unapiga. Hakitakuambia kama unapanda mtoto anapocheza, na hicho ndicho tunachotafuta. Nimepokea mama aliyekaa siku mbili kwa sababu kidude kilikuwa kinatoa mlio, kumbe ulikuwa mshipa wake mwenyewe.

Mama_Pacha_Ukonga · saa 4:51

Mimi hapo sikubaliani. Mimba yangu ya mwisho kile kidude ndicho kilinifanya nilale usiku. Sikukitumia kuamua niende au nisiende hospitali, kilinituliza tu. Mtu ambaye hajawahi kupoteza mtoto hataelewa.

DerevaWaKimara · Jumamosi, saa 12:10 asubuhi

Tumerudi. Naandika kwa mpangilio kwa sababu kichwa hakijakaa sawa.

Walimlaza ubavu kidogo, nesi akasikiliza kwanza kwa kile kitarumbeta. Akamvika na kibanio kidoleni, kwenye karatasi kukawa na mstari wa tatu unaoonyesha mapigo ya mama, 84 mpaka 90. Wa mtoto ukawa juu, 135 hadi 140. Kwa dakika kama 20 hakuna kitu, meno tu. Mke alishaanza kulia. Nesi akasema tulia, hatujamaliza. Dakika ya 26 mtoto akageuka, mke akabonyeza kile kitufe cha kuonyesha mtoto amecheza (hiki kinafanya kazi, cha hospitali ya kwanza hakikufanya), mapigo yakapanda mpaka 160. Baada ya hapo akapandisha tena mara mbili kabla ya dakika 40. Hakuna mahali yaliposhuka.

Karatasi yao ni ya 1 cm/min. Dakika 40 ni sentimita 40. Ile ya dakika 12 ni sentimita 36. Ukiziweka mezani pamoja zinakaribia kulingana, na mtu asiyejua angesema ni vipimo viwili sawa.

Wakampiga na ultrasaundi, wakapima maji ya uzazi, mfuko mrefu kuliko yote una sentimita 4.1. Daktari akasema wanachotaka ni 2 au zaidi. Wakapima mkojo na damu kwa ajili ya presha.

Nikamwonyesha ile 88. Akaitazama muda mrefu. Akasema huenda ni mama, lakini hawezi kuandika hivyo kwa sababu hakukuwa na kitu cha kulinganisha. Amepanga kipimo mara mbili kwa wiki. Kuanzishiwa uchungu watalijadili Jumatatu, wengine kwenye timu wanataka sasa, wengine wanataka wasubiri kidogo presha ikitulia.

Swali langu la mwisho Mkunga: hiki cha jana usiku kinanihakikishia mpaka lini?

MkungaWaUsiku · saa 1:25 asubuhi

Namshukuru Mungu. Karatasi iliyojibu ni habari njema kweli: akina mama 1,000 wakipata majibu kama hayo, ndani ya wiki inayofuata ni kama wawili tu wanaopoteza mtoto. Kwa hiyo yenye kutuliza ni ile iliyojibu. Isiyojibu ndiyo inayotusumbua, maana wengi wake ni watoto wazima waliolala, na ndiyo sababu mmepelekwa ultrasaundi badala ya chumba cha upasuaji.

Lakini kipimo kinaeleza hewa anayopata mtoto saa ile. Kondo la nyuma likibanduka ghafla kesho, au kitovu kikabanwa, karatasi ya jana haikujua. Kwa mwenye presha kubanduka huko hatukusahau. Akipunguza kucheza tena kabla ya Jumatatu, tumbo likikaza bila kuachia, akitoka damu, kichwa kikiuma sana au macho yakiona nyota, mnakwenda muda huohuo. Msiniulize humu kwanza.

Kama aanzishiwe sasa au asubiri, mimi nisingesubiri sana kwa wiki 37 yenye presha. Ila sijaona damu yake, na hao wameiona.

ShangaziTabata · saa 1:40

Aamina. Ila soda nitaendelea kunywa.

FundiVipimo · saa 2:02

Mleta uzi, jambo moja. Karatasi hizo hazichapwi kwa wino, zinachomwa kwa joto. Usiziache kwenye dashibodi ya gari, jua la Dar litazifuta zote mbili ndani ya siku chache. Piga picha zikiwa zimenyooka, mpaka ule ukingo wenye kasi na saa uonekane, na uandike kwa kalamu ipi ni ya wapi.

DerevaWaKimara · saa 2:09

Ya kwanza ilikuwa kwenye dashibodi. Imeshaanza kuwa nyeusi pembeni, ila 3 cm/min bado inasomeka. Naiingiza ndani sasa hivi.